Fremu ya Kiti cha Bomba Moja: Kuchora Kile Ambacho Mashine Itaweza Kukunja

Mchoro wa kiti cha bomba unaweza kupendeza kwenye skrini na bado usikunjike. Programu ya kuchora haijui kibano cha mashine kinahitaji milimita ngapi za bomba lililonyooka, wala haijui kwamba karakana ina dai moja tu, yaani gurudumu la kukunjia, ya bomba la milimita 25. Itakubali kona ya nusukipenyo chochote, kona mbili zilizobanana, na ncha inayokatika palepale tao linapoishia. Fundi ndiye atakayegundua, bomba likiwa tayari limebanwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: kiti kisicho na miguu ya nyuma. Bomba linashuka kutoka egemeo la mgongo, linakwenda mbele chini ya kikalio, linashuka tena kuwa mguu wa mbele, linarudi nyuma likilala sakafuni, linavuka upande wa pili, kisha linarudia njia hiyohiyo kinyume. Mwaka 1926 msanifu Mholanzi Mart Stam alijaribu umbo hili kwa vipande vya bomba la gesi vilivyounganishwa kwa viungo vya kona. Jaribio hilo linaonyesha asili ya fremu yenyewe: ni mistari iliyonyooka na kona, basi. Ukiichora hivyo, mashine itakuelewa. Ukiichora kwa mkunjo huria unaobadilika njia nzima, hakuna dai itakayoufuata.

Anza na dai, si na kiti

Dai ni lile gurudumu lenye mfereji ambalo bomba huzungushiwa. Nusukipenyo chake ndicho nusukipenyo cha kona zote za kiti chako, na hupimwa hadi mstari wa kati wa bomba, si hadi ukingo wa ndani wala wa nje. Kwa bomba la kipenyo cha nje cha milimita 25, dai ya 75 ni ya kawaida, yaani mara tatu ya kipenyo. Ukuta wa bomba tuuweke milimita 2.5. Bomba la ukuta wa 1.2 linalotumika kwenye viti vingi vya miguu minne halifai hapa, kwa sababu mguu wa mbele unabeba mzigo wote kwa kupindwa. Mtu wa kilo 100 akikaa milimita 250 nyuma ya mguu huo, bomba la 2.5 hupata mkazo wa takriban megapaskali 135, ilhali la 1.2 hufika kama 240, kiwango ambacho chuma laini cha kawaida huanza kupinda kisirudi. Na hapo bado hujahesabu mtu anayejitupa kitini.

Sasa jambo ambalo wachoraji wengi hulipita: namba iliyogongwa kwenye dai si namba ya kuweka kwenye modeli. Bomba likiachiwa hurejea kidogo. Kwa chuma laini cha ukubwa huu hurejea kwa nyuzi mbili hadi tatu, kwa hiyo fundi hukunja hadi 92.5 ili lirudi kwenye 90. Urefu wa tao ni uleule, lakini pembe imepungua, basi nusukipenyo lazima kiwe kimeongezeka: 75 mara 92.5 gawanya kwa 90 ni karibu 77. Hiyo 77 ndiyo inayoingia kwenye modeli.

Usikubali hesabu hiyo bila kipimo. Kata kipande cha milimita 600, kikunje hadi kibaki kwenye nyuzi 90 kamili, kisha kilaze mezani. Pima kila mkono kutoka nchani hadi uso wa nje wa mkono wa pili, na utoe 12.5 kwa kila kipimo ili ufike kwenye mstari wa kati. Jumlisha mikono miwili. Tuseme umepata 633. Zile 33 zilizozidi 600 ndizo tofauti kati ya kona kali ya mchoro na tao halisi. Gawanya kwa 0.4292, ambayo ni 2 kutoa nusu ya pai, upate 76.9. Kosa la milimita moja kwenye mkono huhamisha jibu kwa zaidi ya milimita mbili, kwa hiyo kunja vipande vitatu uchukue wastani, kisha chapisha tao la 77 kwenye karatasi kwa ukubwa halisi na ulaze bomba juu yake. Vyote viwili vikikubaliana, una namba ya kuaminika kwa bomba hilo na dai hiyo. Ukibadilisha bomba, hata kwa ukuta tu, rudia jaribio.

Pembe kwenye modeli hubaki ile unayoitaka kitini. Kuna wanaochora 92.5 ili “kumsaidia fundi”. Matokeo yake fundi naye huongeza zake, na kiti kinatoka kimefunga. Kurejea kwa bomba ni kazi ya mashine. Modeli hueleza kiti kilichokamilika.

Bomba zima au nusu mbili?

Fremu yetu ina upana wa 450 kutoka kati hadi kati, kimo cha 420 kati ya mstari wa sakafuni na wa kikalio, urefu wa 480 sakafuni, kina cha 430 kwenye kikalio, na 400 kwenye mgongo, uliolala nyuzi 105 kutoka kikalio. Vipimo hivi vyote vinakutana kwenye kona kali, yaani pale mistari ingekutana kama hakungekuwa na tao. Kumbuka sakafu halisi iko 12.5 chini ya mstari wa kati. Ukisahau hilo, kimo cha kiti kitakuwa na kosa tangu mwanzo.

Bomba zima linahitaji karibu milimita 3,677. Bomba la dukani lina mita 6, kwa hiyo unapata fremu moja na kipande cha mita 2.3 kisichotosha nyingine. Ukiikata fremu katikati ya mwamba wa nyuma, lile bomba linalovuka upande wa pili sakafuni, kila nusu inahitaji 1,838.5. Nusu tatu zinaingia kwenye bomba moja, hata kama bomba lenyewe ni fupi kidogo kuliko mita 6. Kwa mabomba mawili unapata viti vitatu badala ya viwili. Tena fundi hukunja kona nne badala ya nane, na hapigani na fremu nzima inayozunguka karakana. Kiungio nacho kinaangukia mahali pazuri: mwamba wa nyuma unalala sakafuni na hubeba kidogo ukilinganisha na kona za mbele.

Ndiyo maana nachagua nusu mbili. Ila uamuzi huo unaleta swali la ncha, nitalifikia.

Kuchora mstari

Kwenye programu ya FreeCAD njia nyepesi ni kuchora pointi za kona kali kwa zana ya Draft Wire, kisha kuipa sifa ya Fillet Radius. Kona zote zinapata nusukipenyo kimoja, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, kwa kuwa dai ni moja. Nusu ya kiti kuanzia katikati ya mwamba wa nyuma inaandikwa hivi, faili jipya likiwa limefunguliwa:

```python
import FreeCAD as App, Draft
V = App.Vector
pts = [V(-30,0,0), V(-30,225,0), V(450,225,0),
       V(450,225,420), V(20,225,420), V(-83.5,225,806.4)]
w = Draft.make_wire(pts, closed=False)
w.FilletRadius = 77
App.ActiveDocument.recompute()
for e in w.Shape.Edges:
    print(e.Curve.TypeId, round(e.Length, 1))
```

Mistari ya mwisho inachapisha kila kipande na urefu wake, mnyoofu kisha tao, kwa zamu. Huo ndio ukaguzi wa kwanza. Namba hasi hutaiona, lakini ukiona kona haijachorwa au umbo limevurugika, mara nyingi matao mawili yamegombania mstari mmoja. Bomba lenyewe linafuata baadaye, kwa kuburuta duara la kipenyo cha 25 juu ya mstari huu. Usianze na bomba nene lenye kona kali halafu ulainishe kingo zake: ukingo wa ndani na wa nje hupata nusukipenyo kisichohusiana na dai, na mstari wa kati, ambao mashine inautegemea, haupo kabisa kwenye modeli.

Mnyoofu kati ya kona

Kibano cha mashine hushika bomba mbele ya tao linalokunjwa. Kwa bomba la 25, urefu wa kibano huwa kati ya mara mbili na tatu za kipenyo. Pima chako kwa venia. Tuseme ni 60. Kila mnyoofu kati ya kona mbili lazima uwe angalau 60, vinginevyo kibano kinauma tao lililokwisha kukunjwa na kulibonyeza. Utaona alama mbili bapa ndani ya kona na bomba limekuwa yai.

Kila kona hula sehemu ya mstari pande zake zote mbili. Kiasi inachokula ni nusukipenyo mara tanjenti ya nusu ya pembe ya kukunja: 77 kwa kona ya nyuzi 90, na 59.1 kwa kona yetu ya nyuzi 75. Angalia kwamba kona ya mgongo ni 75, si 105. Mashine huhesabu bomba limegeuka kiasi gani kutoka kunyooka, wakati mchoro huonyesha pembe iliyo ndani ya kona. Kuandika 105 kwenye karatasi ya fundi ni kosa la kawaida sana, na kiti chake hutoka na mgongo unaomsukuma mtu mbele.

Basi kona mbili za 90 haziwezi kukaribiana chini ya 77 na 60 na 77, yaani 214 kati ya kona kali. Kiti chetu hakina tatizo, mnyoofu wake mfupi kati ya kona ni 266. Tatizo huja mteja anapotaka kiuno kidogo kwenye mgongo, kona ya nyuzi 15 juu ya kikalio. Kona hiyo hula 10.1 tu, kwa hiyo kwenye skrini inaonekana inaweza kukaa popote. Lakini 59.1 na 60 na 10.1 zinafanya 129.2. Chini ya milimita 130 kutoka kona ya kikalio, haikunjiki kwa dai hii. Ni vyema kumweleza mteja hilo kabla hajaipenda picha.

Ncha

Ncha mbili za bomba hazina mahitaji sawa. Ncha ya kwanza inahitaji kutosha kibano tu, hapa 60. Ncha ya mwisho ni ngumu zaidi, kwa kuwa upande huo bomba limeshikwa na kishikio cha nyuma kinachosukuma na kuzungusha, na kishikio hakiwezi kuingia ndani ya egemeo linalokandamiza bomba kwenye dai. Mashine nyingine huhitaji 150 za mkia, nyingine 200 na zaidi. Tuseme yako inataka 180.

Nusu yetu ina 148 za mnyoofu upande wa mwamba wa nyuma na 340.9 upande wa mgongo. Ukianza kukunja kutoka mgongoni, utamalizia na 148, pungufu ya 180. Utalazimika kuongeza bomba na kulikata baadaye. Ukianza kutoka mwamba wa nyuma, kibano kinapata 148 na kishikio kinapata 340.9, na hakuna kinachopotea. Kwa hiyo modeli ianzie pale, kama ilivyo kwenye mistari ya juu, na karatasi ya fundi isome hivi:

```
Kona  Sukuma   Zungusha  Kunja
1     148.0       -       90
2     326.0     +/-90     90
3     266.0       0       90
4     293.9      180      75
Mkia  340.9
```

Kwa mashine ya mkono isiyo na kipimo cha kusukuma, weka alama za mwanzo wa kila tao kwenye bomba: 148, 595, 982 na 1,397 kutoka ncha ya kuanzia. Ziweke zote kwa mkanda uleule bila kuuhamisha. Ukipima kutoka alama hadi alama, makosa madogo hujumlishana na ya mwisho ndiyo hulipa.

Kata bomba kwenye 1,845 badala ya 1,838.5, ili ubaki na ziada ya kupunguza. Bomba nalo hurefuka kidogo linapovutwa kuzunguka dai, na ziada yote husukumwa hadi mkiani. Ncha ya kuanzia ikatwe mraba na isiguswe tena. Mkia ndio unaopunguzwa, nusu zote mbili zikiwa zimesimama pamoja kwenye jigi.

Mnyoofu wa 148 una kazi nyingine. Kiungio cha nusu mbili ni kipande cha bomba la 19, urefu wa 80, kinachoingia 40 kila upande. Tundu la bomba letu ni 20, na mshono wa weldi ulio ndani ya bomba hula sehemu ya nafasi hiyo, kwa hiyo upitishe tupa kwanza. Kama ncha ingekuwa fupi na kibano kimeigeuza yai, kipande hicho kisingeingia. Toboa shimo la milimita 8 kila upande, 20 kutoka ukingoni, ujaze weldi, kisha zungushia weldi kwenye mkutano na usage.

Kulia na kushoto

Ile alama ya +/-90 kwenye kona ya pili ndiyo inayoharibu bomba nyingi zaidi. Nusu ya kulia na ya kushoto ni taswira za kioo, na tofauti yao pekee kwenye karatasi ni alama hiyo. Kona tatu za upande wa kiti ziko kwenye ubapa mmoja, hivyo 0 na 180 hazibadiliki. Karatasi moja ikipelekwa karakanani na maneno “vipande viwili”, utapata nusu mbili za kulia. Toa karatasi mbili, na kwenye modeli tumia kioo halisi cha mstari, usizungushe nakala. Kuhusu ipi ni chanya, mashine hutofautiana. Kunja waya laini kwanza ukifuata karatasi ile, ulinganishe na skrini.

Tofauti hiyo ina matokeo mengine yanayoonekana kwenye kona ya nne tu. Baada ya kuzungusha 180, sehemu iliyokwisha kukunjwa inahamia upande wa pili wa mashine. Mguu unatoka pembeni, na bomba la sakafuni linarudi nyuma sambamba na bomba linalosukumwa, umbali wa 420 kutoka kwake, likipita kona kali ya nne kwa milimita 50. Mwishoni mwake uko mwamba wa nyuma, ukitokeza 225 nje ya ubapa. Kwa nusu moja unaelekea juu, hewani. Kwa nusu nyingine unaelekea chini, na kama kitanda cha mashine kinatokeza zaidi ya takriban 400 upande huo, utakigonga. Ndiyo sababu nusu ya kwanza inaweza kutoka vizuri na ya pili ikakataa, ingawa namba ni zilezile.

Njia ya kulijua mapema ni kuchora mashine kama masanduku matatu tu: kitanda, egemeo na mkono, kwa vipimo ulivyochukua karakanani. Weka bomba kwenye hali yake kabla ya kona ya nne na uangalie. Likigonga, hamishia mashine ukingoni mwa meza au punguza upana wa kitanda kama ni mashine ya kujitengenezea. Kugeuza mpangilio uanzie mgongoni hakusaidii, kwa kuwa nusu moja itafika kona ya mwisho mgongo wake ukining'inia milimita 800 chini ya dai.

Kabla ya kubana bomba, tafuta mshono wake. Kona tatu zinakunjwa kwenye ubapa mmoja na moja kwenye ubapa uliosimama dhidi yake, hivyo mshono uliowekwa pembeni kwa zile tatu utajikuta nje au ndani kabisa ya ile moja, mahali chuma kinapovutwa au kukunjamana zaidi. Uweke nyuzi 45 kutoka ubapa wa dai, na hautafika kileleni kwenye kona yoyote. Piga mstari wa chaki juu ya mshono huo kabla ya kuingiza bomba, na utumie mstari huohuo kuhakikisha kwamba kuzungusha 90 na 180 kumefanyika kweli.